Mende na panya katika nyumba ya kupanga: nani analipia dawa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wapangaji wa nyumba za kuishi nchini Kenya, hasa wanaokaa kwenye fleti na ploti ambamo nyumba nyingi zinatumia kuta, mabomba na paa pamoja. Humo ndimo ugomvi wa dawa unakozuka, kwa kuwa mdudu hajui nyumba nambari saba inaishia wapi na nambari nane inaanzia wapi. Majibu yanategemea sheria za Kenya. Ikiwa uko Tanzania au Uganda, sehemu za kumtambua mdudu na kupuliza dawa bado zitakufaa, lakini za sheria usizitumie.

## Mambo ya msingi

Kwa kifupi, nani anapaswa kulipa?

Anayelipa ni yule ambaye chanzo kiko upande wake. Wadudu wakitoka kwenye jengo lenyewe, yaani kwenye mabomba ya majitaka, shafti ya mabomba, paa, dari, nyufa za ukuta, jalala la ploti au nyumba ya jirani, gharama ni ya mwenye nyumba. Wakiingia na mizigo yako au wakizaliana kwa sababu ya jinsi unavyoweka chakula na taka, gharama ni yako. Ukihamia ukawakuta, gharama ni ya mwenye nyumba, kwa sababu alikupa nyumba ambayo haikuwa tayari kukaliwa.

Kanuni hiyo ni rahisi kuitaja. Kazi ni kuonyesha chanzo kiko wapi, na ndiyo maana sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu ushahidi. Mpangaji anayesema tu "nyumba ina mende" hujibiwa "ni uchafu wako", na mazungumzo yanaishia hapo. Anayesema "mende wanatoka kwenye shimo la bomba nyuma ya sinki, na jirani wa chini anao vilevile" hajibiwi hivyo kirahisi.

Sheria inasema nini hasa?

Kuna sheria mbili za kujua. Ya kwanza ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kifungu cha 65 kinaweka ndani ya mkataba wa kupanga ahadi za mwenye nyumba hata kama hazikuandikwa. Mojawapo ni kwamba nyumba, fleti au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu unapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Nyingine ni kwamba ikiwa umepanga sehemu tu ya jengo, yeye ndiye anayetunza paa, kuta za nje, mifereji mikuu na sehemu za pamoja kama ngazi na korido.

Ya pili ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Kifungu cha 118 kinahesabu nyumba chafu au iliyojaa wadudu kiasi cha kuhatarisha afya kuwa kero ya kiafya. Kifungu cha 119 kinampa afisa wa afya uwezo wa kutoa ilani ili kero iondolewe. Hapo pana jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui: kero ikitokana na kasoro ya jengo lenyewe, ilani inapelekwa kwa mwenye nyumba, si kwa anayeishi ndani. Sheria yenyewe inagawa mambo kwa kufuata chanzo.

Hakuna kifungu kinachosema waziwazi "dawa ya mende italipwa na fulani". Usimtishe mtu kwa sheria ambayo haipo. Simama kwenye zile zilizopo, zinatosha.

Mkataba wangu unasema mpangaji atajipulizia dawa mwenyewe. Nimekwisha?

Hapana, ila usome maneno yenyewe. Mikataba mingi husema mpangaji ataweka nyumba safi ndani na kuzuia wadudu. Kwa maoni yangu, hilo linakubana kwa yanayotokea ndani ya mlango wako. Halikufanyi wewe kuwa mtunza bomba kuu la majitaka au paa la jengo. Isitoshe, wajibu wa mwenye nyumba chini ya Sheria ya Afya ya Umma hauondolewi na makubaliano ya watu wawili, kwa hiyo afisa wa afya hataulizia mkataba wako kabla ya kuandika ilani.

Kama mkataba unasema wazi kwamba utalipia dawa kila baada ya miezi kadhaa, nawe ulitia saini, tarajia kulipia ile ya kawaida ya ndani ya nyumba. Zungumzia chanzo kando.

Sina mkataba wa maandishi. Je, nina haki yoyote?

Unayo. Makubaliano ya mdomo pamoja na kulipa kodi kila mwezi ni upangaji, na zile ahadi za kifungu cha 65 zinaingia humo. Weka ujumbe wa malipo ya M-Pesa na risiti, maana ndizo zinazothibitisha kwamba wewe ni mpangaji na kwamba ulianza lini.

## Kujua wanatoka wapi

Aina ya mende ina maana yoyote?

Ina maana kubwa, na ndiyo kitu cha kwanza fundi mzuri wa fumigesheni huangalia. Nyumba zetu huingiliwa hasa na aina mbili.

Mende mkubwa, mwekundu wa kahawia, wa urefu wa karibu sentimita 4, ni wa majitaka. Anaishi kwenye mashimo ya choo, mifereji na vyumba vya mabomba, na hupanda usiku kupitia tundu la bafu au sinki lisilo na maji ya kuzuia. Ukimwona mmoja mmoja bafuni, hasa baada ya mvua, tatizo limo kwenye mifereji. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

Mende mdogo, wa sentimita moja na nusu hivi, rangi ya kahawia hafifu na mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ndiye anayesumbua jikoni. Huyu anaishi ndani ya nyumba kabisa: kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji kwenye injini yenye joto, chini ya jiko, ndani ya redio na maikrowevu. Huingia na maboksi, friji kuukuu au fanicha ya mtumba, kisha hutambaa kutoka nyumba hadi nyumba kupitia matundu ya mabomba na nyaya. Kwa hiyo huyu mdogo ndiye wa ugomvi, kwa sababu anaweza kuwa wako, wa jirani au wa mpangaji aliyekutangulia.

Nitajuaje kama hao wadogo nimewaleta mimi au niliwakuta?

Nunua vibao vya gundi vya kunasa wadudu. Andika tarehe na mahali kwenye kila kimoja, kisha uviweke kwa usiku tatu: kimoja chini ya sinki mahali bomba linapoingia ukutani, kimoja nyuma ya friji, kimoja kwenye kabati la vyombo, kimoja chumbani karibu na nguo na maboksi uliyohamia nayo. Usipulize chochote siku hizo. Asubuhi ya mwisho, vipige picha vyote vikiwa mahali pake kabla ya kuvitoa.

Kibao chenye mende wengi zaidi kiko karibu na makao yao. Kikijaa kile cha bomba na cha chumbani kikabaki kitupu, wanatoka ukutani. Kikijaa cha nyuma ya friji uliyonunua mtumba mwezi uliopita, sema ukweli na ulipe.

Angalia pia madoa. Kinyesi cha mende wadogo ni vidoa vyeusi kama vumbi la pilipili manga, na hukolea kwenye pembe na bawaba. Fungua mlango wa kabati la jikoni utazame bawaba ya juu. Ikiwa umehamia juzi na bawaba imekolea weusi hadi kwenye mbao, au kuna madoa yaliyopakwa rangi juu yake, hao si wa wiki hii. Kutoka yai hadi mende mzima huchukua takriban miezi mitatu, kwa hiyo ukoo mzima wa wakubwa kwa wadogo, pamoja na maganda matupu ya mayai, hauwezi kuwa umezaliwa ndani ya siku chache ulizokaa.

Ushahidi huu una mpaka wake. Mende wazima wachache wanaweza kusafiri kwenye maboksi, kwa hiyo kuwaona wakubwa peke yao hakuthibitishi kitu.

Na panya?

Kwa panya swali karibu daima ni moja: amepitia wapi? Panya wa nyumbani mdogo hupenya kwenye tundu la milimita 6, unene wa penseli. Panya mkubwa anahitaji tundu la kupitisha kidole gumba. Tundu kama hilo lililo ukutani, kwenye dari, kando ya bomba au chini ya mlango wa nje ni kasoro ya jengo, na kuliziba ni kazi ya mwenye nyumba.

Ili kujua njia yake, nyunyiza unga kidogo sakafuni kando ya ukuta kabla ya kulala. Asubuhi utaona nyayo na alama ya mkia zikielekea tunduni. Njia inayotumika sana huacha pia mstari mweusi wa mafuta ukutani, kwa kuwa panya hupita akijisugua palepale kila usiku. Kinyesi kibichi huwa cheusi, laini na cha kung'aa. Cha zamani ni cha kijivu na husagika. Ukikuta cha kusagika juu ya dari siku ya kwanza kuhamia, kipige picha.

Wadogo huacha kinyesi kama punje ndogo za mchele. Usikifagie kikavu, maana vumbi lake na mkojo wake hubeba magonjwa. Kilowanishe kwanza kwa maji yenye jiki, subiri kidogo, kisha uokote kwa karatasi ukiwa umevaa glavu.

## Kuripoti na kudai

Niripoti kwa nani, na kwa njia gani?

Anza na mtunza ploti kwa mdomo, ndiyo adabu na mara nyingi ndiyo haraka. Siku hiyohiyo umtumie mwenye nyumba au wakala ujumbe wa maandishi. Simu haitoshi, kwa sababu baada ya miezi miwili hakuna atakayekumbuka ilisema nini. WhatsApp inafaa ikiwa ndiyo njia mnayotumia kwa mambo ya kodi. Usiufute ujumbe wala kubadilisha simu bila kuhamisha mazungumzo, maana mahakama hutaka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza umetoka kwenye kifaa gani.

Ujumbe wenyewe uwe na mambo manne: umeona nini, wapi, tangu lini, na unaomba nini kufikia lini. Kwa mfano:

"Habari za asubuhi, Mzee. Mimi ni wa nyumba C4. Tangu nihamie tarehe 1, naona mende wadogo jikoni kila usiku. Wanatoka kwenye tundu la bomba chini ya sinki. Nimeambatanisha picha za vibao nilivyoweka pale na chumbani. Jirani wa C3 anao pia. Naomba utume mtu wa kukagua na kuziba shafti, kisha tupulize dawa nyumba zote za mstari huu. Naomba jibu kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Jikoni kwangu nimeshatoa vyombo, niko tayari siku yoyote."

Sentensi ya mwisho usiiache. Inaonyesha kwamba hukuzuia kazi, na hicho ndicho kisingizio cha kwanza kutolewa.

Nisubiri kwa muda gani?

Siku saba za kupata jibu na siku kumi na nne za kazi kuanza ni muda wa haki kwa mende. Panya waliomo ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga hawangoji hivyo. Omba tundu lizibwe ndani ya siku mbili tatu. Sheria haitaji siku hizi. Nazitaja kwa sababu anayekuja kusikiliza mgogoro baadaye hutazama kama ulimpa mwenzako nafasi ya kutosha.

Mwenye nyumba amekataa au amenyamaza. Nifanye nini?

Kwanza ongea na majirani. Barua moja iliyotiwa saini na nyumba sita ina uzito kuliko ujumbe sita, na huondoa lile neno la "ni wewe tu".

Kisha nenda kwenye ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yako. Tangu ugatuzi, maafisa hao wako chini ya serikali ya kaunti. Peleka malalamiko kwa maandishi, nakala ya ujumbe uliomtumia mwenye nyumba, na picha. Omba wakague jengo, si nyumba yako peke yake. Afisa akiridhika, anaweza kutoa ilani chini ya kifungu cha 119, na mwenye nyumba akiipuuza anaweza kufikishwa mahakamani. Ilani ya afisa ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote utakazokuwa nazo, kwa sababu imeandikwa na mtu asiye na upande.

Ikiwa kodi halali ya nyumba yako haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, upangaji wako uko chini ya Baraza la Kudhibiti Kodi na unaweza kulalamika huko. Kodi ikizidi hapo, njia ni mahakama. Lakini usikimbilie huko kwa ajili ya dawa ya shilingi elfu chache kabla ya kupitia kwa afisa wa afya.

Naweza kulipia dawa mwenyewe kisha nikate kwenye kodi?

Ukikubaliwa kwa maandishi, ndiyo. "Sawa, lipa utoe kwenye kodi ya mwezi ujao" kwenye WhatsApp inatosha, mradi kiasi kimetajwa. Bila kukubaliwa, usikate. Kodi ikipungua hata kidogo wewe unahesabika kuwa na deni, na mwenye nyumba anayedai kodi anaweza kutuma dalali akamate vitu vyako. Unakuwa umebadilisha kesi ya mende, ambayo ulikuwa na nafasi ya kuishinda, ukaifanya kesi ya deni la kodi.

Njia salama: lipa kodi kamili, pata bei mbili kutoka kwa watu wenye leseni, umtumie, umwambie kwamba asipojibu kufikia siku fulani utalipa na kumdai. Hifadhi risiti. Dai la kurudishiwa pesa lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo bila wakili. Muulize karani kabla ya kulipa ada, kwa kuwa mgogoro unaogusa upangaji wenyewe unaweza kuelekezwa kwingine.

Naomba mfano mmoja wa jinsi hesabu inavyogawanywa.

Tuchukue fleti ya ghorofa nne, nyumba tano kila ghorofa. Bei hapa ni za mfano tu. Mpangaji wa C4 ndiye aliyetuma ujumbe hapo juu. Alihamia tarehe 1, na tarehe 9 ana vibao vinne: cha chini ya sinki kina mende 14, wengi wao watoto wasio na mabawa, cha nyuma ya friji 3, cha kabati 2, cha chumbani hakuna. Bawaba za kabati zimekolea madoa ya zamani.

Mwenye nyumba anasema kwamba nyumba ilikuwa safi na mpangaji alipe shilingi 2,500 apulizwe. Mtu wa fumigesheni anakuja, anafungua kifuniko cha shafti kwenye korido na kumulika tochi. Jikoni nne, moja juu ya nyingine, mabomba yao yanapita humo, na mafundi wa maji waliacha kila tundu wazi kwa upana wa ngumi. Mende wamejaa kwenye mfuniko wa bomba la ghorofa ya pili. Chini kabisa, mpangaji wa kwanza anapika chapati za kuuza na anaweka magunia ya viazi jikoni.

Kupuliza C4 peke yake kungekuwa kutupa shilingi 2,500, maana dawa ingewafukuza hadi shaftini na wangerudi baada ya wiki chache. Makubaliano ya haki ni haya. Mwenye nyumba analipa nyumba nne za mstari huo, 2,500 kila moja, jumla 10,000, pamoja na ziara ya pili ndani ya bei hiyohiyo, na analipa fundi wa kuziba matundu. C4 halipi kitu, kwa sababu alikuta tatizo. Mpangaji wa chini halipi dawa kwa kuwa shafti ndiyo kasoro kuu, ila anapewa maandishi kwamba magunia yainuliwe juu ya mbao na unga uwekwe kwenye ndoo zenye mfuniko. Wakionekana tena jikoni kwake huku shafti imezibwa na C4 ni safi, ziara ya tatu ni juu yake.

Kipengele hicho cha ziara ya tatu ndicho huwafanya wenye nyumba wakubali, kwa sababu kinawahakikishia kwamba hawatalipia uzembe wa mtu milele.

## Dawa yenyewe

Kwa nini mende hurudi baada ya kupulizwa?

Sababu kubwa ni mayai. Jike wa mende wadogo hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na ganda lake huyakinga na dawa. Yanaanguliwa ndani ya wiki nne hivi. Kwa hiyo ziara moja huua waliopo na kuwaacha wanaokuja. Ziara ya pili inapaswa kuwa kati ya wiki ya pili na ya nne. Dai iandikwe kwenye risiti kwamba imo ndani ya bei.

Sababu nyingine ni kuchanganya dawa. Jeli ya mende hufanya kazi wakiila na kwenda kufia makaoni, ambako wengine hula mizoga na kinyesi chao nao wakafa. Ukipuliza dawa ya kopo karibu na jeli, wanaikwepa, na pesa imepotea. Mtu wa fumigesheni akiweka jeli kwenye bawaba, usipulize wala kusugua hapo.

Nitajuaje kama mtu wa fumigesheni ni wa kweli?

Muombe leseni kutoka Bodi ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, ile inayofahamika kama PCPB, na umwambie akuonyeshe chupa ya dawa kabla hajaichanganya. Lebo ya dawa iliyosajiliwa ina nambari inayoanza na herufi PCPB. Ipige picha. Anayekuja na dawa kwenye chupa ya soda mrudishe.

Jambo moja sitalilegezea: usikubali mtu aweke vidonge vya kuhifadhia mahindi ndani ya nyumba ya kuishi, iwe kwa mende, kunguni au panya. Vikipata unyevu hutoa gesi inayoua binadamu, na gesi hiyo hupita kwenye matundu yaleyale ya mabomba hadi kwa jirani aliyelala.

Nijiandae vipi siku ya kupuliza?

Toa vyombo na vyakula kwenye kabati za jikoni, sogeza friji na jiko kutoka ukutani, na ufunike au utoe magodoro. Watoto, wajawazito na wenye pumu waondoke hadi saa zilizotajwa kwenye lebo ziishe na madirisha yafunguliwe. Samaki wa tangini na paka huathirika vibaya na dawa nyingi za kupuliza, kwa hiyo wahamishe mapema na umwambie fundi kwamba unao.

Usipojiandaa, fundi akarudi bila kufanya kazi, gharama ya ziara hiyo ni yako hata kama mende ni wa jengo.

Na sumu ya panya?

Iwe ya mwisho. Ziba matundu kwanza kwa simenti, au kwa waya wa kusugulia sufuria ulioshindiliwa ndani kabla ya plasta, kwa sababu panya hutafuna povu na mbao. Baada ya hapo, mitego ya kubana inatosha kwa waliobaki ndani. Sumu nyingi halali huua baada ya siku kadhaa, panya akiwa ameshapanda darini, na harufu yake itakaa wiki mbili mahali ambapo huwezi kufika. Sumu zisizo na lebo zinazouzwa barabarani usiziingize kwenye nyumba yenye mtoto.

## Hali zenye utata

Jirani ndiye mchafu. Nimdai yeye?

Huna mkataba na jirani, unao na mwenye nyumba. Mripoti kwake kama ilivyoelezwa kwenye swali la kuripoti. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kumwandikia jirani, kuingia kukagua kwa taarifa, na kumtoza ikibidi. Nenda kwa jirani kwa upole tu, kumuuliza kama naye ameona wadudu. Mara nyingi utakuta amekuwa akiaibika kusema.

Jirani amekataa kufungua mlango siku ya dawa.

Kazi isifanywe kana kwamba nyumba hiyo haipo. Fundi azibe matundu kati yake na zenu na aweke jeli upande wa shafti, kisha mwenye nyumba ampe jirani taarifa ya maandishi ya siku nyingine. Akikataa tena, gharama ya kurudia dawa kwenye mstari huo inamwangukia yeye.

Naweza kuhama bila notisi kwa sababu ya panya?

Ni hatari. Kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, ikiwa mkataba hautaji muda wa notisi, notisi ni ya kipindi kimoja, yaani mwezi. Ukiondoka ghafla, mwenye nyumba atazuia amana yako kufidia. Toa notisi, ueleze sababu ndani yake, na umwombe akubali muda mfupi zaidi. Ukiwa na ilani ya afisa wa afya, wengi hukubali.

Nimepanga duka au kibanda cha chakula, si nyumba ya kuishi.

Ile ahadi ya nyumba kufaa kukaliwa inahusu makazi. Kwenye biashara ya chakula, wewe ndiye unayekaguliwa na afya ya umma, na dawa ya mara kwa mara ya ndani ni gharama yako. Mifereji mikuu na paa bado ni vya mwenye jengo. Mgogoro mara nyingi hupelekwa kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara.

Nahama, na mwenye nyumba anataka kukata pesa ya dawa kwenye amana. Ni haki?

Ni haki ikiwa mkataba unasema hivyo, au ikiwa nyumba ina wadudu ambao hawakuwepo ulipoingia na chanzo kilikuwa kwako. Ikiwa uliripoti, chanzo kikaonekana ni cha jengo, na hakikutengenezwa, si haki. Kuikata kama ada ya kila anayehama bila kutaja kwenye mkataba pia si haki.

Wiki moja kabla ya kukabidhi funguo, rudia vibao vya gundi palepale ulipoviweka mwanzo, uvipige picha na tarehe. Tembea nyumba nzima na mtunza ploti, andikeni mlichokiona kwenye karatasi moja, mtie saini wote wawili. Akisisitiza kukata, mwombe risiti ya dawa iliyopulizwa kweli kwenye nyumba hiyo, yenye tarehe na jina la aliyepuliza.